Kabla hujasimama kutetea au kupinga marufuku ya maandamano

Tuseme tatizo mlilopewa kwenye shindano la mahakama ya mfano ni hili: waziri amepiga marufuku maandamano yote ya zaidi ya watu 10, jiji zima, kwa siku 90, baada ya maandamano mawili kati ya matatu kuishia kwa maduka kuvunjwa. Karibu kila timu itafika ikijua hatua za kipimo cha uwiano, yaani kipimo cha kama kubanwa kwa haki kunalingana na sababu yake, kama zilivyopangwa na Mahakama ya Juu ya Kanada katika kesi ya Oakes ya mwaka 1986: lengo lenye uzito, uhusiano kati ya lengo na hatua iliyochukuliwa, kutokuwepo njia nyepesi zaidi, na mwishoni mizani ya faida na madhara. Kuzijua kwa mpangilio hakutoshi.

Kabla ya yote, soma amri yenyewe uone inasimama juu ya sheria gani. Kama sheria mama inamruhusu waziri kuweka masharti kwa mkusanyiko mmoja mmoja tu, basi marufuku ya jumla haina mguu wa kisheria, na kesi inaweza kwisha hapo kabla ya uwiano kuguswa. Hoja hii itangulie, kwa dakika chache.

Kisha kubalianeni, kama timu, lengo la serikali litatamkwa kwa maneno gani. Wengi hupita hapa haraka mno. Serikali ikiruhusiwa kusema lengo ni "kuzuia mikusanyiko ya hatari", marufuku itapita kila hatua ya kipimo, kwa sababu lengo na hatua vimekuwa kitu kimoja. Mleta maombi, yaani anayepinga marufuku, alisogeze lengo hilo hadi kwenye dhara lenyewe: kulinda watu na mali dhidi ya vurugu. Likishatamkwa hivyo, maandamano ya tatu, yaliyomalizika kwa amani, yanakuwa ushahidi wako mzito, kwani amri inayazuia nayo pia ingawa hayakumdhuru mtu.

Kwenye uhusiano wa lengo na hatua, usigombane sana. Kuzuia maandamano yote kunapunguza vurugu za maandamano, na jaji anajua hivyo. Kubali kwa sentensi moja, uhifadhi muda kwa ajili ya ulazima, yaani hatua ya kutokuwepo njia nyepesi zaidi, maana ndipo kesi ya aina hii inapoamuliwa.

Kwa ulazima, andaa karatasi ya njia mbadala, na kila njia iambatane na namba ya aya ya tatizo inayoiunga mkono: kubadilisha njia ya msafara, kuweka saa maalumu, kutenga mtaa wa maduka, polisi kukaa na waandaaji mapema, kukamata wanaovunja badala ya wanaotembea. Mawakili wa serikali watajibu kwamba njia hizo hazina ufanisi sawa. Jibu lako lisiwe kwamba zinatosha; uliza ni ipi kati ya hizo ilijaribiwa. Mzigo wa uthibitisho uko kwa anayebana haki, na tatizo lisipoonyesha jaribio hata moja, ukimya huo unamuumiza yeye. Hapa uamuzi wa Brokdorf wa Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, mwaka 1985, unafaa sana: hofu kwamba baadhi watafanya fujo haiwaondolei wenye amani haki yao, na marufuku ni njia ya mwisho. Uamuzi wa Mlungwana, Afrika Kusini, 2018, ulihusu adhabu ya jinai kwa kuitisha mkusanyiko bila taarifa, si marufuku. Ukiutumia, sema tofauti hiyo mwenyewe kabla jaji hajakuuliza.

Ukipangiwa upande wa serikali, nguvu yako iko kwenye muda na mazingira. Siku 90 zina kikomo, na vurugu zimetokea mara mbili. Tafuta kwenye tatizo idadi ya polisi waliopo au majeruhi. Usitetee neno "jiji zima" kwa nguvu kupita kiasi. Andaa hoja mbadala kwamba mahakama inaweza kubakiza amri kwa eneo la maduka pekee.

Mizani ya mwisho huharibika timu inaporudia hoja za ulazima kwa maneno mapya. Hapa zungumzia gharama tu: ndani ya siku hizo 90, je, kuna uchaguzi, bajeti au muswada unaojadiliwa? Haki ya kuandamana baada ya kura kupigwa haina thamani ileile. Tazama tarehe za tatizo kwa makini, kwa sababu watunzi huzificha kwenye aya za pembeni.

Mwisho andika nafuu unayoomba kwa ukamilifu: kufutwa kwa amri yote, au, mahakama ikikataa, kufutwa kwa sehemu inayogusa maandamano nje ya eneo lililovunjwa. Jaji akikuuliza "unataka nitamke nini?", msomee sentensi hiyo neno kwa neno.