Jinsi ya kupima kisiwa katika maswali ya Kiswahili

Juzi nimemsaidia mdogo wangu anayeandika tasnifu ya isimu. Alikuwa na sentensi moja inayokera sikio, akaona tayari amethibitisha kisiwa. Bado. Visiwa, jina alilolitoa John Robert Ross katika tasnifu yake ya MIT mwaka 1967, ni sehemu za sentensi ambazo neno la kuulizia haliwezi kutolewa nje. Kishazi rejeshi, kama "aliyenunua gari", ni kimojawapo.

1. Tunga sentensi nne, si moja. Katika (b) na (d) neno linatolewa mbali; (c) na (d) zina kishazi rejeshi cha "aliyenunua".

(a) Ni nani ambaye alidai kwamba Juma alinunua gari?
(b) Ni gari gani ambalo Asha alidai kwamba Juma alinunua?
(c) Ni nani ambaye alimwona mtu aliyenunua gari?
(d) Ni gari gani ambalo Asha alimwona mtu aliyenunua?

2. Kagua kiambishi cha yambwa. Hapa ndipo mimi nilipoteza data ya siku nzima. Ukiandika "aliyelinunua" badala ya "aliyenunua", ile -li- ya pili inashika nafasi ya gari lililotolewa, na wasikilizaji wengine wataona (d) imepata nafuu. Kibaya zaidi, mzungumzaji anaweza kukitia mwenyewe bila kujua anapokurudilia sentensi, kwa hiyo mwombe airudie kwa sauti kabla hajatoa alama, nawe usikilize. Usiweke kiambishi kwenye (b) ukakiacha kwenye (d), wala kinyume chake. Ukitaka kujua nguvu yake, tunga seti ya pili yenye -li- kwenye zote mbili. Epuka pia kutoa nje yambwa ambayo ni mtu: "alimwona" bila -m- ni kosa lingine kabisa, na litachanganyika na kisiwa.

3. Omba alama 1 hadi 7 kwa kila sentensi, 7 ikiwa nzuri kabisa. Mimi sitaki "sawa" au "si sawa", inaficha tofauti.

4. Fanya hesabu ya kutoa. Tuseme umepata (a) 6.5, (b) 5.5, (c) 6.0, (d) 2.0. Kulitoa neno mbali kumegharimu 1.0, kishazi rejeshi chenyewe 0.5. Kama ni gharama hizo mbili tu, (d) ingepata 5.0. Zile 3.0 zinazokosekana ndizo kisiwa.

5. Uliza kwa nini. Wapo wanaosema ni mzigo wa kumbukumbu: akili inashikilia "gari" huku inachambua kishazi kigumu. Mwaka 2012 wanaisimu Sprouse, Wagers na Phillips walipima kumbukumbu za watu pamoja na alama zao kwa Kiingereza. Ukubwa wa kisiwa haukufuata uwezo wa kumbukumbu. Nami naegemea upande wa pili, kwamba ni kanuni ya sarufi, ila vipimo vyao vya kumbukumbu vinaendelea kubishaniwa.

Kiswahili kina jaribio lake zuri: acha neno la kuulizia mahali pake.

"Asha alimwona mtu aliyenunua nini?"

Swali hili linajibika: gari. Maana ni ileile ya (d), kwa hiyo ubaya wa (d) hautoki kwenye maana; unatoka kwenye kule kutolewa nje. Hakikisha tu muulizaji wako hajifanyi amesikia vibaya, kwani swali la "umesema nini?" hukubalika popote.