Somo: Dizeli inagoma kuwaka asubuhi ya baridi, pima hita plagi na rilei yake

Pikapu ikilala Ngamiani huwaka mara moja hata kama hita plagi mbili zimekufa, maana joto la pwani linaibeba. Ipeleke Lushoto mwezi wa saba, ilale huko ikisubiri kabichi na karoti, alfajiri utazungusha stata mpaka betri ilegee. Ikishashuka Soni na Mombo imepata moto, na ikifika Tanga mwenye gari anaapa kwamba imepona.

Nazungumzia injini zenye chumba kidogo cha kuanzia moto ndani ya silinda hedi: 2L, 3L na 5L za Hilux na Hiace, pamoja na 1HZ ya Land Cruiser. Chumba kile kikiwa baridi kinanyonya joto la hewa iliyobanwa, dizeli haishiki moto. Hita plagi ipo kwa ajili hiyo tu.

Hatua ya 1: Tazama moshi kabla ya kushika spana

Mtu mmoja azungushe stata, mwingine asimame nyuma. Ukitoka moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli mbichi, mafuta yanafika ila hayaungui, basi endelea na somo hili. Usipotoka moshi wowote, mafuta hayafiki. Achana na plagi, nenda kwenye filta, solenoidi ya pampu na hewa kwenye mipira. Na kama stata inazunguka kivivu, anza na betri na nyaya zake. Dizeli isiyozungushwa kwa kasi haiwaki hata plagi zote zikiwa mpya.

Hatua ya 2: Pima umeme unaofika kwenye plagi

Plagi zote zimeungwa na ukanda mmoja wa chuma unaopita juu yake. Weka mita kwenye volti, waya mwekundu kwenye ukanda, mweusi kwenye chuma safi cha injini. Mwenzako afungue swichi bila kupiga stata. Betri ya volti 12 iliyo nzima ikupe kati ya volti 11 na 12 pale kwenye ukanda. Zikipungua sana, nenda hatua ya 4. Soma ndani ya sekunde za mwanzo, maana baadhi ya gari zina rilei mbili na rezista, na baada ya muda mfupi zinapunguza umeme kwa makusudi.

Injini iwe baridi. Ikiwa ya moto, taima inayoiamuru rilei inasoma sensa ya maji na kukata mapema, au haiwashi kabisa, nawe utaisingizia rilei.

Taa ya koili kwenye dashibodi msiiamini sana. Kwenye gari nyingi za aina hii inafuata hesabu ya taima tu. Itawaka na kuzima vizuri hata kama hakuna plagi hata moja inayopata moto.

Hatua ya 3: Pima plagi moja moja

Kama umeme unafika vizuri, zima swichi, toa waya hasi wa betri, kisha fungua zile nati ndogo na uondoe ukanda. Hapa ndipo wengi wanaruka. Ukanda ukibaki, mita inasoma plagi zote kwa pamoja, na zile nzima zinaificha iliyokufa.

Weka mita kwenye omu, gusanisha kwanza ncha zake mbili uone zinasoma ngapi, kisha toa kiasi hicho kwenye kila kipimo. Ncha moja juu ya plagi, nyingine kwenye chuma cha injini. Plagi nzima ya volti 12 kwa kawaida husoma karibu na omu 1, pungufu kidogo au zaidi kidogo. Iliyokatika haisomi kitu. Ile inayosoma tofauti kabisa na wenzake nayo itoe.

Kutoa kwake ni kwa upole, injini ikiwa na uvuguvugu na mafuta ya kulegeza kutu yamekaa pale kwa muda. Ikikataa, kaza kidogo, legeza kidogo. Ikikatikia ndani, silinda hedi inaweza kulazimika kushuka.

Hatua ya 4: Rilei

Rilei ina vichwa viwili vya nyaya nene na viwili vya nyembamba. Nyembamba zinaiamuru, nene zinapitisha umeme wa plagi. Kusikia "tik" kunaonyesha tu kwamba amri imefika. Ndani, midomo inayogusana inaweza kuwa imeungua.

Kipimo chake ni hiki: rudisha ukanda na betri, weka mita kwenye volti, ncha moja kichwa kinene cha kuingilia, nyingine kile cha kutokea, swichi ikiwa imewashwa na plagi zikivuta umeme. Rilei nzima inasoma karibu na sifuri. Ikizidi nusu volti, anza kuishuku.

Mfano halisi ni Hilux ya 3L iliyoletwa gereji. Mwenyewe alikuwa ameshanunua plagi nne mpya za volti 12, na Lushoto bado iligoma. Taa ya koili ilikuwa sawa, rilei ilipiga "tik". Umeme wa kuingia kwenye rilei ulisoma volti 11.8, wa kutoka 8.6. Volti 3.2 zilibaki ndani ya rilei, na ukiigusa ilikuwa ya moto. Kwa kuwa joto la plagi hupungua kwa mraba wa volti, plagi zake mpya zilikuwa zinapata kama nusu tu ya nguvu zake. Tukaunga waya mnene kutoka chanya ya betri hadi kwenye ukanda kwa sekunde kumi, tukautoa, tukapiga stata: ikawaka papo hapo. Rilei ikabadilishwa, plagi hazikuguswa.

Ukifanya jaribio hilo la waya, hakikisha plagi zimeandikwa volti 12. Za volti 6 utaziunguza. Unga betri kwanza, umalizie kwenye ukanda, ili cheche isitokee juu ya betri.

Maswali ya wanachama

*Mdau wa Korogwe: Shikamoo fundi. Naweza kupima ampea kwa mita yangu ya kawaida?*

Marahaba. Usijaribu. Mita nyingi zinaishia ampea 10, na plagi moja inapoanza kuvuta inaweza kupita hapo; utaunguza fyuzi ya mita. Tumia ile mita ya kubana waya kwa nje.

*Mdau wa Muheza: Yangu inawaka, ila dakika ya kwanza inamisi na kutoa moshi mweupe, halafu inatulia.*

Hiyo mara nyingi ni plagi moja au mbili, silinda nyingine zinaivuta. Fanya hatua ya 3. Plagi zote zikiwa nzima, pima kompresheni na uangalie nozeli.

*Mdau wa Lushoto: Kaka, sisi huku tunapuliza spreyi ya kuwashia kwenye bomba la hewa. Kuna ubaya?*

Upo, tena mkubwa, kama hita plagi zinafanya kazi. Ile spreyi inashika moto kwenye plagi kabla pistoni haijafika juu, na mlipuko huo unaweza kupinda konrodi au kupasua pistoni.

*Mdau wa Bagamoyo: Kosta yangu ni ya volti 24. Vipimo ni hivi hivi?*

Utaratibu ni uleule. Kwanza soma volti zilizoandikwa kwenye plagi, kisha linganisha plagi zenyewe kwa zenyewe, maana omu zake ni kubwa kuliko za volti 12. Kwenye rilei, kupotea kwa nusu volti bado ni dalili mbaya.