Somo: Kukagua friji la mtumba kabla ya kulipa

Ndugu zangu, swali ninaloulizwa mara kwa mara ni hili: "Nimeona friji la mtumba, linagandisha vizuri, je, nilinunue?" Swali hilo halijibiki kwa picha, kwa hiyo ninaandika hatua zote hapa, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza kwenye somo hili. Nimeshughulika zaidi na friji, kwa sababu ndilo linaloficha ubovu wake kwa urahisi kuliko mashine ya kufulia.

Hatua ya 1. Kabla ya kwenda, mwombe muuzaji alizime friji tangu usiku uliotangulia.

Hatua ya 2. Soma lebo ya taarifa za mashine, ambayo mara nyingi hubandikwa ndani, ubavuni mwa droo za mboga, au nyuma. Tazama kwanza volti na hezi, kwa sababu friji la 100 V au 115 V halichomekwi moja kwa moja kwenye umeme wa 230 V. Tazama pia herufi ya hali ya hewa: N ni friji lililoundwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32 za selsiasi, ilhali T hufika 43. Kisha andika aina ya gesi, kwa mfano R600a au R134a, ukainame nyuma na kusoma lebo ya kompresa yenyewe. Gesi hizo mbili zikitofautiana, kompresa si ile iliyotoka nayo kiwandani, na unastahili kuelezwa nani aliibadilisha na kwa nini.

Hatua ya 3. Kompresa. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoumia, kwa hiyo soma polepole. Kabla kitu chochote hakijachomekwa, weka kiganja juu ya kompresa. Ikiwa ina joto kuliko chumba, friji lilikuwa linafanya kazi muda mfupi uliopita, na huo si mtihani tena, kwani kompresa iliyochoka huweza kwenda vizuri ikishaanza huku tatizo lake likiwa katika kuanza. Ikiwa imepoa, chomeka na usikilize. Kompresa nzima ya kawaida huanza mara moja, ikitikisika kidogo na kubaki na mvumo mmoja. Ukisikia mngurumo mzito wa sekunde kadhaa, kisha mlio wa "tik" na kimya, na baada ya dakika chache hali hiyo ikajirudia, maana yake kinga ya joto inaikatia umeme kompresa isiyoweza kuzunguka. Muuzaji atasema ni relei tu, yaani kile kifaa kidogo cha kuanzishia kompresa. Inawezekana ni kweli, kwa kuwa relei mbovu hutoa dalili zilezile, lakini basi aibadilishe yeye na mtihani urudiwe mbele yako.

Ikianza, iache iende dakika kumi na tano, zima, subiri dakika tano kamili, kisha washa tena. Usiwashe papo hapo, kwa sababu mgandamizo wa gesi unakuwa bado haujasawazika na hata kompresa nzima huweza kugoma, nawe ukaihukumu bure. Tahadhari mbili: bomba linalotoka kwenye kompresa kwenda nyuma huweza kuunguza vidole, na usifungue kifuniko cha pembeni mwa kompresa, kwa kuwa ndani yake mna nyaya zenye umeme.

Hatua ya 4. Baridi. Usiridhike na ubaridi unaoupata kwa kuingiza mkono. Katika friji la kawaida, ambalo sehemu yake ya kugandishia huonekana, tazama ukungu wa barafu baada ya nusu saa au dakika arobaini na tano: unapaswa kutanda sehemu yote. Friji moja niliyoitwa kulikagua lilikuwa na lebo ya 0.9 A, yaani ampea za umeme linaovuta, na mita yangu ya kubana waya ilisoma 0.5 A. Muuzaji alilisifu kwamba halili umeme. Lakini barafu ilikuwa imeshika pale gesi inapoingilia tu, upana wa kiganja, na kwingine kote palikuwa pakavu. Mabomba ya nyuma nayo yalikuwa vuguvugu tu. Hiyo ni dalili ya gesi pungufu, kwani kompresa isiyo na gesi ya kutosha kuisukuma huvuta umeme mdogo. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari, bali huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa, hivyo ikipungua kuna tundu. Kuongeza gesi bila kuziba tundu ni kulipa leo na kulipa tena baadaye.

Hatua ya 5. Bana karatasi mlangoni pande zote nne. Ikichomoka bila kukwama, mpira umechoka.

Hatua ya 6. Muuzaji. Uliza watu walionunua kwake miezi kadhaa iliyopita, wala si wiki iliyopita, kwa sababu tundu dogo huchukua muda kujionyesha. Risiti iandikwe namba ya mashine iliyo kwenye lebo, na dhamana itaje wazi kompresa na uvujaji wa gesi. Anayekataa kukuachia friji lililopoa uanze nalo amekwisha kukujibu.

Maswali

Mnunuzi Mpya: Sijasoma yote. Nitajie tu chapa isiyoharibika.

Jibu: Haipo. Rudi hatua ya 3.

Binti wa Pwani: Je, friji lisilotanda ukungu wa barafu nitalikaguaje, ikiwa sehemu ya kugandishia imefichwa nyuma ya ukuta wa plastiki?

Jibu: Umeuliza jambo ambalo nilipaswa kulieleza. Weka kipimajoto ndani ya friza, na uhakikishe feni inapuliza. Ndani ya saa moja hivi nyuzi zinapaswa kuwa zimeshuka chini ya sifuri na kuendelea kushuka. Kumbuka pia kwamba ampea za kwenye lebo ya friji la aina hiyo zinaweza kuhusu hita ya kuyeyushia barafu, kwa hiyo usizilinganishe na kompresa peke yake.

Mwanafunzi wa Umeme: Mita yangu ya kubana ilisoma sifuri wakati friji linafanya kazi. Je, mita ni mbovu?

Jibu: Nadhani uliibana kebo nzima. Umeme unaokwenda na unaorudi hufutana. Bana waya mmoja tu, kwa kutumia kebo fupi ya kupimia ambayo nyaya zake zimetenganishwa bila kuchunwa.

Mzee Kombo: Uliniambia nikague, nikakagua, na bado limekufa. Somo lako halifai.

Jibu: Mzee wangu, pole. Lilikuwa limepoa ulipolikuta?

Mzee Kombo: Lilikuwa linawaka, muuzaji alitaka nione barafu.

Jibu: Basi hatua ya 1 na ya 3 hazikufanyika. Risiti ikiwa na namba ya mashine, lirudishe friji kwake leo.

Mama Wawili: Na mashine ya kufulia?

Jibu: Ikiwa imezimwa na tupu, zungusha ngoma kwa mkono. Mlio wa kusaga ni wa beringi. Kisha inua ngoma kwa ndani: ikicheza peke yake, bila tangi kusogea nayo, beringi zimekwisha. Halafu ijazwe maji na ikamue mbele yako.

Binti wa Pwani: Nimelipata, lakini gari lilinilazimu nililaze. Niliwashe lini?

Jibu: Lisimamishe wima na usiliwashe kwa saa kadhaa; likiwa lililala kwa muda mrefu, liache hadi kesho, ili mafuta yaliyoingia mabombani yarudi kwenye kompresa.