Kabla ya Kuketi Mbele ya Kamera Kuomba Mchango wa Mtaji

Hati ya video ya kuchangisha huanza kuandikwa kutoka mwisho, yaani kwenye ombi. Tuchukue mfano wa mwanzilishi wa biashara ndogo ya dagaa kandokando ya Ziwa Viktoria, mkoani Mwanza, anayetaka chanja 40 za kuanikia, kila moja ikigharimu shilingi 60,000. Jumla ni 2,400,000, lakini kama jukwaa la kuchangisha linakata asilimia 5, akiongeza asilimia 5 juu ya gharama atapungukiwa na shilingi 6,000, kwa kuwa makato hupigwa kwenye jumla yote iliyochangwa. Inampasa agawanye 2,400,000 kwa 0.95, apate takriban 2,526,316, kisha azungushe juu na kuomba 2,530,000; vivyo hivyo, chanja moja ya 60,000 ikigawanywa kwa 0.95 na kuzungushwa juu inahitaji mchango wa 64,000.

Hesabu hiyo ikishakaa sawa, ombi liandikwe kwa sentensi zinazotamkika bila kukata pumzi: "Naomba tuchange shilingi 2,530,000 kufikia tarehe 30 Juni. Shilingi 64,000 yako inasimamisha chanja moja." Aongeze pia kitakachofanyika fedha zisipotimia. Jukwaa la Kickstarter, kwa mfano, halimkati mchangiaji chochote lengo lisipofikiwa, ilhali kwingine mwanzilishi hupokea kilichopatikana, na mtazamaji ana haki ya kujua kabla hajatoa.

Hisia zinahitaji tukio moja tu, tena la saa moja ya siku moja. Badala ya kusema kwamba wanawake wa ufukweni wanateseka, aeleze asubuhi ile mvua ilipowakuta dagaa wametandazwa mchangani, mama yake akiwakusanya kwa ufagio pamoja na mchanga, na mzigo uliokusudiwa kuliwa na watu ukaishia kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. (Mama aombwe ridhaa kwanza, fedheha yake si mali ya mwanawe.) Kisha aonyeshe chanja ya kwanza ya majaribio, ainue kiganja cha dagaa mbele ya kamera, watazamaji waone hawana mchanga. Hapo ndipo huzuni inapogeuka kuwa tumaini, na ombi lifuate baada ya kimya cha pumzi moja, kwa sauti iliyotulia. Anayeomba huku analia humfanya mtazamaji amwonee huruma na kusahau kiasi alichoombwa.

Hati isomwe kwa sauti, saa ya kupima muda ikiwa mkononi. Maneno yetu ni marefu, na hati iliyoonekana ya dakika mbili kwenye karatasi huweza kufika tatu mdomoni; ikizidi, pa kukata ni maelezo ya kampuni, si tukio wala ombi. Macho yaelekee kwenye lenzi, si kwenye picha yake mwenyewe iliyo kiooni. Ombi lirekodiwe kipande chake peke yake, ili tarehe ikisogezwa arekodi upya sentensi hizo tu, akiwa amevaa nguo ileile.