Jinsi ya kukagua kani za maegemeo na mchoro wa mpindo kwenye karatasi ya mtihani

Mwanafunzi akimaliza swali la boriti kwenye mtihani wa miundo, mara nyingi hujumlisha kani za maegemeo, akaona jumla inalingana na mizigo, akaweka alama ya vema na kwenda swali linalofuata. Nasanifu miundo na nafundisha wanafunzi wa diploma, na kila muhula nakutana na kurasa zenye alama hiyo ya vema juu ya majibu mabaya. Jumla imetoka, mchoro wa mkato umefunga vizuri, lakini boriti iliyochorwa pale haiwezi kusimama.

Sababu iko kwenye mpangilio wa hesabu yenyewe. Wengi wetu hutafuta kani ya egemeo moja kwa momenti, kisha tunaipata ya pili kwa kutoa: mzigo wote, toa ile ya kwanza. Ukifanya hivyo, jumla lazima itoke hata kama kani ya kwanza ulikosea kabisa, kwa sababu kosa lote limehamia kwenye kani ya pili kwa alama kinyume. Kwa hiyo ukaguzi unaohitajika ni wa momenti.

Tuchukue boriti moja tuifuate hadi mwisho. Egemeo A liko kushoto, egemeo B liko mita 6 kutoka A, na boriti inatokeza mita 2 zaidi hadi ncha C, kama boriti ya kibaraza cha ghorofani. Kati ya A na B kuna mzigo uliosambaa sawasawa wa kN 10 kwa kila mita, na kwenye ncha C kuna mzigo mmoja wa kN 15. Uzito wa boriti yenyewe tunauacha. Mzigo wote ni 60 + 15 = kN 75.

Hatua ya 1: Andika alama zako kwenye ukurasa

Kabla ya kukagua chochote, andika pembeni: kani ya kwenda juu ni chanya, momenti ya kuzunguka kama mshale wa saa ni chanya, na mpindo unaoifanya boriti ibonyee katikati ni chanya. Mstari huo mmoja utakuokoa ukirudi ukurasani baadaye, maana hutahitaji kukumbuka ulikuwa unafikiri nini. Baadhi ya walimu hutaka mpindo chanya uchorwe chini ya mstari, upande unaovutika. Chora wanavyotaka, ila usibadili katikati ya swali. Hapa chini chanya iko juu ya mstari.

Hatua ya 2: Pima momenti mahali ambapo hukupimia mwanzo

Hesabu sahihi, momenti zikipimwa kuzunguka A, ni hii:

```
6 R_B = 60×3 + 15×8 = 300    R_B = 50 kN
R_A = 75 − 50 = 25 kN
```

Na hii ndiyo ninayoiona mara kwa mara:

```
6 R_B = 60×3 − 15×8 = 60     R_B = 10 kN
R_A = 75 − 10 = 65 kN
```

Aliyeandika hivi ameona mzigo wa C uko ng'ambo ya B, akahisi unazungusha kinyume. Hisia hiyo ni ya kweli ukisimama B. Ukisimama A, mizigo yote iko kulia kwako na yote inaelekea chini, kwa hiyo yote inazungusha upande mmoja. Kosa limetokana na kupimia A huku akili ikiwa imesimama B. Na ona: 65 + 10 = 75. Jumla imetoka bila tatizo.

Sasa hamia C. Nalipenda C kwa sababu kani zote mbili za maegemeo zinaingia kwenye hesabu, na mzigo wa kN 15 unatoweka kwa kuwa unapita palepale. Katikati ya mzigo uliosambaa iko mita 5 kutoka C, kwa hiyo mzigo unazungusha kwa 60 × 5 = 300. Kani za maegemeo nazo zinapaswa kuzungusha 300 kwa upande wa pili:

```
sahihi:    25×8 + 50×2 = 300
yenye kosa: 65×8 + 10×2 = 540
```

Tofauti ni 240. Ukurasa huo una kosa, na umeligundua kwa mstari mmoja.

Hatua ya 3: Soma tofauti uliyoipata, usifute kwanza

Hapa wengi hukata ukurasa mzima na kuanza upya, muda ukazidi kuyoyoma. Hakuna haja, kwa sababu ile 240 inakuelekeza kwenye kosa lenyewe. Kani za juu na za chini zikishalingana, kinachobaki ni momenti tupu, na momenti tupu ni ileile popote utakapoipimia. Jaribu B: 65 × 6 = 390, wakati mizigo inahitaji 60 × 3 − 15 × 2 = 150. Tofauti ni 240 tena.

Kosa la alama huacha tofauti iliyo mara mbili ya momenti iliyoandikwa vibaya, kwa kuwa ulitoa kitu ambacho ungepaswa kukijumlisha. Basi igawe kwa mbili, upate 120, kisha tafuta 120 kwenye mstari wako wa mwanzo. Iko: 15 × 8. Badilisha alama hapo tu, na mengine yaache.

Nusu isipopatikana, tafuta tofauti nzima. Aliyepima mzigo uliosambaa kwa mita 6 badala ya 3 atapata R_B = 80 na R_A = −5, na pale C kani zake zitatoa 120 badala ya 300. Tofauti ya 180 ni 60 × 3 kamili, yaani mzigo uliosambaa umehesabiwa mara mbili. Aliyeusahau kabisa mzigo wa C kwenye mstari wa momenti ataona tofauti ya 120. Angalia pia inaelemea wapi: kani za maegemeo zikizidi pale C, umempa A mno, zikipungua, umempa B mno.

Hiyo −5 nayo isikutishe kwa kuwa tu ni hasi. Mtokezo ukiwa mrefu au umebeba mzito, egemeo la mbali linaweza kweli kuvutwa juu. Hapa mizigo miwili inavutana pande mbili za B: uliosambaa unazungusha 180, wa ncha 30. Unaosambaa unashinda kwa mbali, kwa hiyo A lazima asukume juu.

Hatua ya 4: Mchoro wa mkato, haraka

Ukianzia A unapanda 25, unashuka 60 hadi −35 pembeni mwa B, unapanda 50 hadi 15, unaenda bapa hadi C, unashuka 15 na kufika sifuri. Kwa majibu yenye kosa: panda 65, shuka hadi 5, panda 10 hadi 15, nenda bapa, shuka hadi sifuri. Nao umefunga! Mkato unakagua jumla ya kani tu, jambo ambalo tayari tumeona halitoshi. Ila mchoro huu unakupa kitu utakachohitaji: mahali mkato unapovuka sifuri, ambapo ni 25 ÷ 10 = mita 2.5 kutoka A.

Hatua ya 5: Fika B ukitokea pande zote mbili

Mpindo pale B unaweza kuhesabiwa kutoka kushoto au kutoka kulia, na majibu lazima yakutane.

```
kushoto:  25×6 − 60×3 = −30 kNm
kulia:    −15×2       = −30 kNm
```

Kwa kani zenye kosa, kushoto kunatoa 65 × 6 − 180 = +210, kulia bado −30. Ile 240 imerudi. Mwanafunzi aliyetumia upande wa kulia peke yake hataiona, kwa sababu upande huo hauna kani ya egemeo hata moja. Ataandika −30, kisha ataunganisha na upande wa kushoto kwa mkono, na mchoro utapendeza machoni huku ukiwa si wa kweli.

Kwa kilele, jumlisha eneo la mkato hadi mita 2.5: 25 × 2.5 ÷ 2 = kNm 31.25. Ukiona 45 kwenye ukurasa wako, umetumia wL²/8 ya boriti isiyo na mtokezo. Mpindo wa −30 pale B unaivuta katikati chini kwa nusu yake, ndiyo maana kwenye mita 3 unapata 45 − 15 = 30, na kilele kinasogea kidogo kuelekea A.

Hatua ya 6: Angalia umbo

Mteremko wa mchoro wa mpindo kila mahali ni mkato wa mahali hapo. Kwa hiyo kutoka A mstari unaanza kwa kupanda, unalala bapa kwenye 2.5, kisha unashuka ukizidi kuwa mkali hadi B. Hilo ni umbo la kilima. Aliyechora bakuli kati ya A na B amegeuza alama, au amegeuza mzigo. Pale B mchoro lazima uvunjike kwa kona kali, kwa kuwa mteremko unaruka kutoka −35 hadi +15, na ukubwa wa mruko huo ni kani ya egemeo, 50. Mkunjo laini unaopita juu ya B unamaanisha hakuna egemeo pale. Kutoka B hadi C ni mstari mnyoofu, na kwenye ncha ni sifuri kamili.

Mwisho tafuta mahali mpindo unapobadili alama: 25x − 5x² = 0, yaani mita 5 kutoka A. Kutoka hapo hadi C upande unaovutika ni wa juu. Kwenye boriti ya zege hiyo ndiyo sehemu inayohitaji nondo kuu juu, kwa hiyo alama iliyogeuzwa hapa ingeweka chuma upande usiovutika.

Ukaguzi huu unapoishia

Hatua hizi zinakagua mlinganyo, na mlinganyo unatosha kwa boriti yenye mambo yasiyojulikana mawili tu, kama hii tuliyoifuata. Ukipewa boriti iliyofungwa ukutani upande mmoja na kuegemezwa upande wa pili, mita 6, kN 10 kwa mita, mambo yanabadilika. Jibu sahihi kwenye egemeo ni 3wL/8 = kN 22.5, ukutani kN 37.5 na momenti ya kNm 45. Lakini aliyeandika 25, 35 na 30 atapita kila ukaguzi wa hapo juu, popote atakapopimia. Kwa boriti hiyo lazima ukague mshuko: mzigo peke yake unashusha ncha kwa wL⁴/8EI, kani ya egemeo inainua kwa RL³/3EI, na hivyo viwili sharti vilingane. Weka R yako humo. Ikiwa 25, mshuko na mwinuko havitalingana.