Bando bado lipo lakini video inazunguka: tofauti ya Mbps na GB

Kazi yangu ni kufunga intaneti majumbani, na malalamiko ninayoyasikia zaidi ni haya: mteja amenunua bando kubwa, lakini filamu inakwama vilevile. Bando, yaani GB, ni jumla ya data unayoruhusiwa kutumia. Bandiwidhi, ambayo wengi tunaiita spidi, ni kiasi cha data kinachoweza kupita kwa sekunde moja, na hupimwa kwa Mbps. Kuongeza GB hakuongezi Mbps.

Hatua ya 1: Pima. Zima vifaa vingine, kaa karibu na ruta, fungua `fast.com`. Pima alfajiri, kisha saa 3 usiku majirani wote wakiwa mtandaoni. Tangazo likisema "hadi 10 Mbps", hiyo ni spidi ya juu kabisa, wala si ahadi ya kila saa. Usipime ovyo, maana kila kipimo nacho kinakula bando.

Hatua ya 2: Gawa kwa 8. Herufi b ndogo kwenye Mbps ni biti. B kubwa kwenye MB ni baiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo laini ya 10 Mbps inapitisha MB 1.25 kwa sekunde. Faili la GB 1 litachukua dakika 13 hivi, hata kama bando lako ni la GB 500.

Hatua ya 3: Jumlisha matumizi ya wakati mmoja. Chukua nyumba yenye laini hiyo ya 10 Mbps na bando la GB 20. Video ya HD inahitaji kama 5 Mbps. Baba anaangalia mpira sebuleni, binti ana filamu chumbani: laini imejaa. Mama akipiga simu ya video, wote watatu wanaanza kukwama, na GB bado zipo. Hapo dawa ni kuongeza Mbps, au binti ashushe ubora wa video hadi 480p.

Sasa angalia upande wa bando. Video moja ya 5 Mbps inakula GB 2.25 kwa saa, kwa hiyo GB 20 zinaisha kabla ya saa 9 za kutazama. Na ukipandisha spidi, jihadhari: video iliyowekwa "Auto" itajipandisha ubora yenyewe, na bando litaisha mapema zaidi.

Hatua ya 4: Chunguza neno "bila kikomo". Vifurushi vingi vya aina hiyo vina kiwango ambacho ukikivuka, kampuni inakupunguzia spidi. Utaijua hivi: wiki za mwanzo mambo safi, kisha kipimo kinaganda kwenye namba ileile ndogo, alfajiri na usiku. Msongamano wa majirani hauko hivyo, kwani alfajiri hupungua. Kabla ya kulipa, uliza mambo mawili: spidi inapunguzwa baada ya GB ngapi, na inashuka hadi Mbps ngapi?