"It was happened" inakosea wapi, na namna ya kuipima sentensi yako kabla hujaituma

Kazi yangu ni kusahihisha Kiingereza cha watu wanaofikiria kwa Kiswahili, ripoti, barua za kazi, insha, na kosa ninalokutana nalo kila mara ni hili la "it was happened". Wengi wanaoliandika si watu wasiojua grama, ni wale waliofundishwa kauli ya kutendwa wakaishika sawasawa, sa wanaipachika hata pale isipokaa. Tuchukue kipande hiki cha ripoti tukipime mstari kwa mstari:

```
The accident was happened when I was arrived at the gate.
My phone was fallen and the screen was broken.
After that all my files were disappeared.
```

Hatua ya 1: tafuta "was" au "were", afu angalia neno linalofuata

Likiishia na -ing achana nalo, "it was happening" iko sawa kabisa, ndo "ilikuwa inatokea". Likiwa sifa tu kama "late" au "tired" achana nalo pia. Ila ukikuta kitenzi kilichovaa umbo la tatu, happened, arrived, fallen, broken, disappeared, hapo simama. Kwenye ripoti yetu tunavyo vitano.

Hatua ya 2: rudisha sentensi kwenye kutenda

Kauli ya kutendwa ya Kiingereza haitoki hewani, inachukua kitu kilichokaa nyuma ya kitenzi inakisogeza mbele. "The guard opened the gate", geti liko nyuma ya opened, kwa hiyo linaweza kuja mbele tukapata "the gate was opened". Sa jaribu kurudi nyuma na ile ya kwetu. Kama "the accident was happened" ni sahihi basi lazima iwepo sentensi "somebody happened the accident", yani fulani alitokea ajali. Haipo, happen haibebi kitu chochote nyuma yake, na kama hakuna kitu nyuma hakuna cha kusogeza mbele. Vitenzi vya hivi Kiswahili tunaviita si elekezi, na kamusi nyingi za Kiingereza za wanafunzi huviwekea alama ya I pembeni, ukiona T ujue kinabeba kitu.

Fanya hivohivo kwa vilivyobaki. "Somebody arrived me"? Hapana. "Somebody fell my phone"? Hapana. "Somebody broke the screen"? Hii ipo, kwa hiyo "was broken" inapita. "Somebody disappeared my files"? Kwa mafaili hapana. (Utaikuta "he was disappeared" kwenye habari za watu waliotekwa na dola, hayo ni matumizi ya pekee yake, usiyalete kwenye mafaili.)

Kwa nini tunakosea hapahapa na si kwingine

Mi naona sababu mbili. Ya kwanza ni "ilikuwa imetokea". Ukiitafsiri neno kwa neno, ilikuwa inakuwa was, imetokea inakuwa happened, ukiunganisha unapata "it was happened" safi kabisa na kichwani inasikika sawa. Lakini pale tunaposema ilikuwa imetokea, hiyo ilikuwa Kiingereza kinaiwekea had.

Ya pili imejificha kidogo. Ajali haifanyi kitu, inatokea tu, simu haikuamua kuanguka, mafaili hayakuamua kupotea, kwa hiyo akili inasema hiki ni kitendwa bwana, kipe was. Ndo manake huoni mtu anaandika "she was danced" akimaanisha alicheza, kwa sababu anayecheza anaonekana kabisa anafanya kitu. Kosa linavifuata happen, occur, appear, disappear, arrive, fall, die, exist, na wanaofanya hivi si sisi tu, wanafunzi wa lugha nyingi tofauti wameonekana wakiteleza kwenye vitenzi hivihivi.

Hatua ya 3: usifute "was" tu, jiulize ulitaka wakati gani

Hapa ndo watu wanaharibu mara ya pili, wanaambiwa toa was, wanatoa, sentensi inakuwa sahihi lakini haisemi walichotaka. Anza na Kiswahili chako:

- ilitokea: it happened
- imetokea: it has happened
- ilikuwa imetokea: it had happened
- ilikuwa inatokea: it was happening

Na swali lake ni "What happened?", basi. Si "What was happened?" wala "What did happened?".

Mtego wa nilitokewa

Kuna mwanafunzi alinibishia, akasema mbona sisi tunasema "nilitokewa na ajali", si kutendwa huko? Ni kutendwa kweli, na hoja yake ilikuwa nzuri, ila angalia kilichofanyika ndani ya neno. Tunyeshewe, tufiwe, tutokewe, zote zimepitia kwanza kwenye kutendea: nyesha, nyeshea, nyeshewa. Fa, fia, fiwa. Ile -i- au -e- ndo inayokifungulia kitenzi nafasi ya kubeba mtu, afu -w- inamleta mbele. Kiingereza hakina kitu cha kuchomeka katikati ya happen, kwa hiyo "I was happened by an accident" haiwezekani, utasema "I had an accident". Nilifiwa na baba ni "my father died", nilinyeshewa ni "I got caught in the rain".

Kilichokaribia zaidi kwa Kiingereza ni vile vineno vidogo vinavyofuata kitenzi. Laugh peke yake haibebi mtu, lakini laugh at inabeba, ndo maana "he was laughed at" inakubalika, at ikibaki palepale. Usiijaribu kwa happen to lakini, "I was happened to" hakuna anayesema.

Hatua ya 4: vitenzi vyenye sura mbili

Break, open, close, change na wenzake vinakubali kote, hapo jaribio la hatua ya 2 halitakwambia uchague ipi, litakwambia tu zote zinapita. Hapa Kiswahili kinakusaidia kuliko kamusi, manake tuna -ka na tuna -wa. Mlango ulifunguka, "the door opened". Mlango ulifunguliwa, "the door was opened", kuna mtu kaufungua hata kama humtaji. Kioo kilivunjika, "the screen broke". Kilivunjwa, au kilikuwa kimevunjika tayari ulipokiangalia, "the screen was broken". Kiingereza kinatumia umbo moja kwa hizo mbili za mwisho, inayokusudiwa utaijua kwa maneno yaliyo jirani.

Sa turudi kwenye ripoti. Nilimuuliza mwenyewe kwanza, simu ilianguka au uliiangusha? Akasema ilimponyoka mkononi. Na mafaili? Yalipotea tu, hakuna aliyeyafuta. Angekuwepo aliyefuta tungeandika "were deleted" bila shida, manake delete inabeba kitu. Na kioo kilivunjika palepale simu ilipogonga chini, kwa hiyo nikaweka broke ingawa was broken haikuwa kosa:

```
The accident happened when I arrived at the gate.
I dropped my phone and the screen broke.
After that all my files disappeared.
```